UZI: Leseni ya biashara na makadirio ya TRA havifuati kalenda moja. Wenye maduka madogo someni kabla ya 31 Machi

Mhasibu wa Mtaani (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za mihangaiko. Kila mwaka ikifika Machi napigiwa simu na watu wale wale wenye tatizo lile lile, safari hii nimeona niandike mapema. Naongelea Tanzania Bara, na naongelea mtu mmoja mmoja mwenye duka, saluni, genge au karakana, ambaye mauzo yake kwa mwaka hayafiki milioni 100. Wenye kampuni wana utaratibu wao, wasinisome hapa wakaenda kujichanganya.

Wengi wanaamini kwamba leseni na kodi ni kitu kimoja chenye tarehe moja. Sivyo. Leseni ya biashara ndogo inatolewa na halmashauri na pesa yake inaingia halmashauri. Inadumu miezi 12 kuanzia siku iliyotolewa, kwa hiyo jirani yako anaweza kuhuisha Februari na wewe Oktoba na wote mko sawa. Kodi ya mapato inakwenda TRA na inafuata mwaka wa kawaida, Januari hadi Desemba. Makadirio ya mwaka yanafanywa kabla ya 31 Machi, na malipo yamegawanywa mara nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Hizo tarehe nne hazijali leseni yako ilitoka lini.

Shida inaanzia pale kalenda hizi mbili zinapokutana. Ukitaka kuhuisha leseni unadaiwa hati ya TRA inayoonyesha huna deni la kodi. Hati hiyo hupewi kama makadirio ya mwaka hujafanya au kuna awamu umeiruka. Hapo mtu leseni yake inaisha kesho, anakimbilia halmashauri, anarudishwa TRA, na TRA anakuta awamu mbili za mwaka jana hazijalipwa pamoja na riba yake. Siku zinakwenda, na leseni nayo inaanza kuhesabu faini.

Niwape mfano mmoja mzima. Mama ana duka la vyombo vya plastiki, leseni yake ilitoka 14 Aprili mwaka jana. Yeye anajua ana mpaka katikati ya Aprili, hivyo Machi yote ametulia. Ukihesabu vizuri, kazi yake inaanza sasa hivi, Februari. Aende TRA na hesabu za mwaka jana, akubaliane nao makadirio, alipe awamu ya kwanza, apate hati, ndipo aingie kwenye mfumo wa TAUSI wa halmashauri kuomba kuhuisha leseni. Akianza Aprili tarehe 10 amechelewa, hata kama leseni bado ina siku nne.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme mauzo yake ya mwaka ni milioni 9. Mauzo, si faida. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2022, mtu wa kati ya milioni 7 na milioni 11 asiye na kumbukumbu za biashara anapigwa Sh 250,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu analipa Sh 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7. Kwa mama wa vyombo kilichozidi ni milioni 2, asilimia 3 yake ni 60,000, jumla 150,000. Kwa awamu ni 37,500 badala ya 62,500. Tofauti ya laki moja kwa mwaka imetoka kwenye daftari la shule la mistari na bahasha ya risiti za manunuzi.

Na hiyo laki ndiyo sehemu ndogo. Asiye na daftari hana cha kumwonyesha ofisa kwamba mauzo yalikuwa milioni 9. Ofisa ataangalia pango unalolipa, mzigo uliopo, na mtaa ulipo, kisha atakisia. Akikisia milioni 14 umeshavuka mstari wa milioni 11, na huko kodi ni asilimia 3.5 ya mauzo yote, yaani Sh 490,000. Utalalamika, lakini utalalamika na nini mkononi?

Daftari lenyewe halihitaji usomi. Kila jioni andika tarehe, umeuza kiasi gani taslimu, kiasi gani kwa simu, na umenunua nini siku hiyo. Ukikopesha, andika pembeni. Mwisho wa mwezi jumlisha. Na unaponunua mzigo kwa jumla, dai risiti ya EFD.

Viwango vinaweza kubadilika kwa Sheria ya Fedha kila Julai, kwa hiyo anayesoma uzi huu baadaye aulize kwanza ofisini kwake. Karibuni maswali.

---

MzeeWaSoko

Mhasibu umeandika vizuri ila hapo kwenye leseni sikubaliani. Mimi niko sokoni tangu enzi za mashilingi ya karatasi. Mwaka wa halmashauri unaisha 30 Juni, na leseni zote zinaisha hapo. Halafu ikiisha unapewa siku 21 za kupumua. Msiwatishe watu.

---

Mhasibu wa Mtaani

Shikamoo mzee. Mwaka wa fedha wa halmashauri kweli unaisha Juni, hapo uko sahihi. Lakini huo ni mwaka wao wa bajeti. Leseni yako angalia kwenye karatasi yenyewe, imeandikwa imetolewa lini na inaisha lini. Hiyo tarehe ndiyo inayokuhusu.

Kuhusu siku 21, nimesikia maofisa biashara wakizitaja na wengine wakikataa, na mimi sipangi kazi ya mteja juu yake. Ninachojua ni faini ikishaanza: mwezi wa kwanza asilimia 25 ya ada, kisha asilimia 2 kwa kila mwezi unaofuata. Ada ikiwa Sh 80,000 na umechelewa miezi mitatu, ni 20,000 ya mwezi wa kwanza na 1,600 mara mbili, jumla 23,200 juu ya ada. Si pesa ya kufilisi mtu, ila wakija wakaguzi ukiwa na leseni iliyoisha wanaweza kukufungia duka, na siku ya kufungiwa inauma kuliko faini.

---

MzeeWaSoko

Marahaba. Nimeitoa kabatini nimeiangalia. Inaisha tarehe 3 Machi. Sisemi kitu.

---

Dogo Janja wa Ubungo

Hahaha mzee umeokoka. Sasa mhasibu, unawapa watu kazi bure. Si wakisema mauzo ni milioni tatu na laki tisa tu? Chini ya milioni nne kodi sifuri, daftari la nini.

---

Mhasibu wa Mtaani

Chini ya milioni 4 ni sifuri kweli. Lakini gawanya: milioni 4 kwa mwaka ni kama elfu 11 kwa siku, kila siku, na Jumapili zikiwemo. Fremu ya mama wa mfano wangu ni 150,000 kwa mwezi, yaani 1,800,000 kwa mwaka. Ukiwa na mauzo ya 3,900,000, ukatoa pango, ukatoa bei ya mzigo, unamwambia ofisa kwamba unafanya biashara ya hasara na bado unarudi kila asubuhi kufungua. Hakuna ofisa mgeni wa mji kiasi hicho.

Tena risiti ya EFD ya muuzaji wa jumla, akiandika TIN yako kama mnunuzi, taarifa yake inafika TRA. Umenunua mzigo wa milioni 7 halafu unasema umeuza wa milioni 3.9?

---

Fundi Cherehani

Samahani dada, au kaka, sijui. Mimi nina kitambulisho cha machinga nililipia elfu ishirini. Nashona barazani kwa mtu, sina fremu. Mauzo ni elfu 25 hivi siku nzuri. Hii ya makadirio inanihusu?

---

Mhasibu wa Mtaani

Dada, ila kaka pia naitika 😀

Kile kitambulisho kilipoanza mwishoni mwa 2018 kililenga watu ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Tufanye hesabu yako. Elfu 25 ukiipata siku 26 za mwezi ni 650,000, kwa mwaka ni 7,800,000. Hapo umeshatoka kwenye kundi la kitambulisho muda mrefu.

Ila umesema "siku nzuri". Siku nzuri ziko ngapi kwa mwezi? Mafundi wengi wana msimu: Idi, Krismasi na shule zikifunguliwa. Ukiandika miezi mitatu utajua. Ikija milioni 5 kwa mfano, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya ile milioni moja iliyozidi milioni 4, yaani elfu 30 kwa mwaka mzima. Asiye na kumbukumbu kundi hilo hilo ni 100,000.

---

Fundi Cherehani

Siku nzuri si nyingi. Nimeelewa, naanza kuandika leo. Na kitambaa cha mteja nahesabu? Wengine wanakuja na kitambaa chao.

---

Mhasibu wa Mtaani

Hapana. Unahesabu ulicholipwa wewe. Kitambaa si chako, hujakiuza.

---

Wakala wa Kona

Hapo hapo kwenye "ulicholipwa wewe". Mimi ni wakala wa pesa za simu. Mwaka jana kwenye laini zangu zimepita kama milioni 240. Nimesikia ukivuka milioni 200 unaingia VAT. Nimekaa na presha mwezi mzima, nimetaka hata kugawa laini moja kwa shemeji.

---

Mhasibu wa Mtaani

Laini ya shemeji iache. Zile milioni 240 ni pesa za watu, wewe ulikuwa mlango tu. Mauzo yako ni kamisheni. Omba kampuni yako ya simu taarifa ya kamisheni ya mwaka, utakuta tayari wamekukata asilimia 10 ya zuio kabla hawajakulipa. Nenda nayo TRA pamoja na uthibitisho wa kile walichokukata, usiende na karatasi ya miamala. Nimeona watu wameingia na kitabu cha miamala ofisini, wakatoka na makadirio ya ajabu kwa sababu hakuna aliyewauliza kamisheni ni ngapi na wao hawakusema.

Kiwango cha VAT cha milioni 200 ni sahihi, kilipanda kutoka milioni 100 mwaka 2023. Kinapimwa kwa mauzo, kwa hiyo kwako ni mbali sana.

---

Wakala wa Kona

Mungu akubariki. Sasa kama wameshakata asilimia 10, TRA wananidai tena nini?

---

Mhasibu wa Mtaani

Kilichokatwa kinahesabiwa kwenye kodi yako ukikionyesha. Usipokionyesha hakuna atakayekutafutia. Kama una na biashara nyingine hapo kibandani, soda au vocha, ile nayo inaongezwa kwenye mauzo, kwa hiyo jibu kamili lipo kwenye karatasi zako, siyo kwenye uzi.

---

BintiMvita

Salamu kutoka Mombasa. Mwatuchanganya jamani 😅 huku kwetu mwenye biashara ndogo alipa asilimia 3 ya mauzo kila mwezi, kabla ya tarehe 20, kwa mwenye mauzo kati ya milioni moja na milioni 25. Sasa nyinyi mwasema mara nne kwa mwaka, asilimia 3 ya kilichozidi. Mwaka huu nimelipa makosa?

---

Mhasibu wa Mtaani

Hujakosea dada, wewe uko KRA na shilingi ya Kenya. Fuata tarehe 20 yako ya kila mwezi, na ritani yako ya mwaka ya 30 Juni usiisahau. Huku 30 Juni pia ipo lakini kwetu ni awamu ya pili, ndiyo maana watu wanaofanya biashara pande zote mbili za Horohoro wanachanganya.

---

BintiMvita

Haya, ahsante. Nilishaanza kutetemeka.

---

Mama Ntilie Senior

Mhasibu mimi nimekwama kwa mwenye nyumba. TRA wameniambia nilete mkataba wa pango na kodi ya zuio asilimia 10. Mwenye nyumba anasema yeye anataka pesa yake kamili, hayo ya zuio nijue mwenyewe. Nalipa 100,000 kwa mwezi, kwa miezi sita.

---

Mhasibu wa Mtaani

Hili ndilo linalokwamisha hati za watu wengi kuliko hata makadirio, asante kwa kulileta.

Kodi ya zuio kwenye pango la biashara ni kodi ya mwenye nyumba, kwa sababu kipato ni chake. Sheria imempa mpangaji kazi ya kuikata na kuipeleka. Kwako miezi sita ni 600,000, asilimia 10 ni 60,000. Unampa mwenye nyumba 540,000, na ile 60,000 unaipeleka TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kwa jina na TIN yake yeye, kisha unampa risiti. Hajaibiwa, amelipiwa kodi yake. Mkataba nao una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, kwako 12,000.

Kosa linafanyika siku ya kukabidhi pesa. Watu wanampa 600,000 yote, halafu Machi wanaambiwa walete zuio, wanarudi kumwomba 60,000 mtu ambaye pesa ameshaijengea choo. Wakati wa kuongea ni kabla ya kusaini, na mkataba uandike wazi kwamba pango linajumuisha zuio.

---

Mama Ntilie Senior

Na kama ameshapewa yote? Maana mimi nimeshampa.

---

Mwenye Fremu Tatu

Naomba na sisi wenye nyumba tusikike. Mimi nakubali zuio, lakini wapangaji wangu wawili walinikata asilimia 10 na TRA hawakupeleka. Nilikwenda na TIN yangu nikakuta hakuna kitu. Kwa hiyo siku hizi nasema nipeni yote, nitalipa mwenyewe.

---

Mhasibu wa Mtaani

Una haki ya kukasirika, lakini suluhisho siyo hilo, kwa sababu TRA wanamdai mpangaji. Dai risiti ya malipo yenye jina lako ndani ya mwezi, asipoleta mfuate.

Mama, kwako kwa sasa itabidi uilipe wewe ili hati itoke, kisha uikate kwenye pango linalofuata. Mwonyeshe risiti yenye jina lake. Wengi wakiiona risiti hulainika. Wengine hawalainiki, na hapo sina dawa, labda mjumbe na wazee wa mtaa wakae nanyi.

---

Kinyozi Bora

Mimi swali dogo. Mauzo yangu yamefika milioni 10 na nusu. Mwaka huu nikiongeza kiti nitapita 11. Nimesikia hapo ndipo balaa, na mashine ya EFD juu.

---

Mhasibu wa Mtaani

Umesikia vizuri. Kwa milioni 10.5 na kumbukumbu zako, ni 90,000 na asilimia 3 ya milioni 3.5, yaani 105,000, jumla 195,000. Ukiwa milioni 12, ni asilimia 3.5 ya yote, 420,000. Kodi imeongezeka zaidi ya mara mbili kwa nyongeza ya mauzo ya milioni moja na nusu. Mimi binafsi naona mstari huo umechorwa vibaya, unamwadhibu anayekua, lakini ndio uliopo na wateja wangu wanalipa hivyo hivyo.

Kiti kipya kikiongeza milioni 1.5 na nyongeza ya kodi ni 225,000, bado kimekulipa, mradi umeshatoa mshahara wa kijana na umeme. Kiti kikiongeza laki sita tu, fikiri mara mbili. Na ndiyo, kuanzia milioni 11 unatakiwa kutoa risiti za EFD. Uliza ofisini kwako kuhusu ile ya kwenye simu kabla hujanunua mashine ya mezani.

---

Dogo Janja wa Ubungo

Si aandikishe kiti kipya kwa jina la mke?

---

Kinyozi Bora

Sina mke mkuu. Hiyo kodi nyingine kabisa.

---

Tandika Mpaka Mbezi

Naongezea jambo lililonikuta. Nilihama duka kutoka Tandika kwenda Mbezi, TIN ikabaki na anwani ya Tandika. Kodi nimelipa yote, hati nikapata, lakini kwenye TAUSI maombi yakarudi kwa sababu eneo la biashara halikulingana na mkataba wa pango. Nilianza kulaumu halmashauri, kumbe ilikuwa ni kwenda TRA kubadilisha taarifa. Muda ukapita, faini ikaja.

---

Mhasibu wa Mtaani

Asante. Jina kwenye NIDA, jina kwenye TIN, eneo kwenye TIN na eneo kwenye mkataba vifanane kabla hujabonyeza kutuma. Waliohama mkoa wa kodi waanze na hilo kabla hata ya makadirio, maana faili linahama nao.

Na malipo yote, ya TRA na ya halmashauri, ni kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo. Anayekwambia mpe taslimu akulipie, pesa yake haitaonekana kwenye jina lako.

---

Aliyefunga Duka

Nimesoma wote kimya, sasa na mimi niseme. Nilifunga duka la vipodozi Mei mwaka jana. Biashara ilikufa, nikarudi kijijini kumuuguza mama. Januari nimerudi mjini nataka kufungua genge, kuingia TRA nakuta nadaiwa awamu ya Juni, Septemba na Desemba, na riba. Nalipia duka ambalo halipo?

---

MzeeWaSoko

Pole mwanangu. Duka likifungwa kodi inakoma yenyewe, wamekuonea.

---

Mhasibu wa Mtaani

Mzee, ingependeza ingekuwa hivyo. Makadirio yakishapitishwa yanaendelea mpaka utoe taarifa kwa maandishi kwamba umefunga. TRA hawapiti kuangalia makufuli.

Aliyefunga Duka, usilipe kwanza na usikae kimya. Andika barua ya kueleza umefunga lini, ambatisha chochote chenye tarehe: barua ya serikali ya mtaa, karatasi ya kukabidhi fremu kwa mwenye nyumba, hata ankara ya mwisho ya umeme. Omba makadirio yarekebishwe yawe ya miezi uliyofanya kazi. Kama wamekupa tathmini mpya ya kodi, pinga rasmi ndani ya siku 30 tangu uipokee. Pingamizi nalo lina sharti la kulipa kwanza theluthi moja ya kodi au kile usichobishania, chochote kilicho kikubwa, ingawa unaweza kuomba msamaha wa sharti hilo. Ndiyo maana naanza na barua ya marekebisho.

---

Aliyefunga Duka

Nimekwenda jana. Ofisa amenisikiliza vizuri, kasema nilete barua ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anataka kuniandikia tarehe ya leo, anasema hakuwepo nilipofunga. Na deni hawajasema kama litafutwa lote.

---

Mhasibu wa Mtaani

Barua iwe na tarehe ya leo, hakuna ubaya, ila ndani iseme fremu hiyo haijafanya biashara tangu Mei. Kama mwenyekiti hajui, mwenye fremu anajua, tena pengine alishampangisha mtu mwingine. Mkataba wa huyo mpangaji mpya ukiwa wa Juni au Julai, kuomba nakala yake iwe kazi yako ya kwanza kesho asubuhi. Hiyo karatasi ina nguvu kuliko barua ya mwenyekiti. Halafu usifungue genge kwa TIN ya ndugu wakati jambo hili linaendelea, TIN yako ni ile ile maisha yote na utairudia.

---

Aliyefunga Duka

Kuna mtu anauza chipsi pale sasa hivi. Nitamfuata.